Nusu ya Pili Hunywewa Alfajiri

Mjomba wangu alifundisha hesabu kwa miaka 34, na mpaka leo mtaani kwao Tanga hakuna anayemwita kwa jina. Yeye ni Mwalimu tu. Mara ya kwanza alipofanyiwa kolonoskopi alitoka na karatasi iliyomuudhi kuliko ugonjwa wenyewe: utumbo haukusafishika vya kutosha, kipimo kirudiwe. Alikuwa amekunywa lita 4 za dawa bila kubakiza hata tone. "Nimejibu maswali yote," aliniambia, "halafu wananifelisha."

Nilipoisoma karatasi ile niliona kweli amepewa maksi. Madaktari wa kipimo hiki wana mizani yao ya usafi, iliyotokea Boston, Marekani. Utumbo mpana hugawanywa vipande vitatu: wa kulia, wa kati na wa kushoto. Kila kipande hupewa alama kuanzia 0, yaani kinyesi kimeziba na ukuta wa utumbo hauonekani, hadi 3, yaani kila mahali panaonekana. Jumla ya juu ni 9, na anayehesabiwa kuwa amefaulu ni yule ambaye kila kipande chake kimepata angalau 2. Mwalimu alipata 2 kushoto, 2 katikati na 1 kulia. Kilichomwangusha ni upande wa kulia, na sababu yake ilikuwa saa aliyonywea dawa.

Tuanze na kipimo chenyewe. Bomba refu linalopindika, nene kama kidole, lenye taa na kamera nchani, huingizwa kwa njia ya haja kubwa. Hupanda upande wa kushoto wa tumbo, huvuka chini ya mbavu, kisha huteremka upande wa kulia mpaka pale utumbo mpana unapoanzia, karibu na kidole tumbo. Ni safari ya mita moja na nusu hivi. Daktari hatafuti sana wakati wa kwenda. Wakati wa kwenda anatafuta njia. Kazi ya kuangalia hufanyika wakati wa kurudi, taratibu, na mwongozo unamtaka atumie angalau dakika 6 katika kurudi huko. Anachokisaka huweza kuwa kinyama kidogo kuliko punje ya harage, kingine kimelala bapa kikiwa na rangi ileile ya ukuta. Ute kidogo wa kahawia ukikifunika, kamera itapita juu yake na karatasi itaandikwa "salama".

Mwalimu alipangiwa kipimo saa nne asubuhi. Alianza kunywa dawa saa kumi jioni ya siku iliyotangulia, akamaliza saa mbili usiku, akalala akijiona shujaa. Kati ya kumaliza dawa na kuingia chumbani zilipita saa 14. Na utumbo haulali. Hata tumbo likiwa tupu, utumbo mwembamba huendelea kumwaga nyongo na ute, na vyote huteremkia kwenye mlango wa utumbo mpana, ambao uko upande wa kulia. Kufika asubuhi, sehemu iliyokuwa imeoshwa vizuri jioni imeshapakwa utando upya. Ndiyo maana siku hizi dawa hugawanywa mara mbili: nusu jioni, nusu alfajiri. Nusu ya pili huanza saa 4 hadi 6 kabla ya kipimo na lazima iishe angalau saa 2 kabla, ili tumbo liwe tupu mgonjwa anapopewa dawa ya usingizi.

Watu huikimbia hii nusu ya alfajiri. Inakata usingizi, na anayekaa mbali na hospitali anaogopa kubanwa ndani ya daladala. Mwalimu naye alikuwa na hofu hiyo, na mtu aliyempa pakiti za dawa hakumwambia chochote zaidi ya "kunywa zote". Mara ya pili tulimlaza kwa binamu yake, mwendo wa dakika kumi kutoka hospitalini, hofu ikaisha.

Siku tatu kabla ya tarehe mpya, shangazi alikabidhiwa jiko pamoja na masharti. Lengo la masharti hayo ni kupunguza makapi, yaani vitu ambavyo utumbo hauvimengenyi. Kwa hiyo wali mweupe unaruhusiwa, mkate mweupe, ugali wa sembe, viazi vilivyomenywa, samaki, kuku, mayai. Dona hapana, kwa kuwa ina pumba. Mchicha, kisamvu na matembele hapana. Maharage, choroko, njugu na karanga hapana, na mchuzi wa karanga ni karanga vilevile. Mbegu ndizo adui mkubwa: za nyanya, mapera, pasheni, tikiti, bamia. Mbegu haziyeyuki kwa dawa yoyote, na bomba la kipimo lina tundu jembamba la kufyonzea maji ambalo punje chache zinatosha kuliziba. Shangazi alilalamika kwamba chakula kisicho na kachumbari wala mboga ni chakula cha mfungwa. Mwalimu alikula samaki wa nazi na wali mweupe siku tatu mfululizo na sikumsikia akilia.

Siku moja kabla, mambo hukaza. Vituo vingine huruhusu kifungua kinywa chepesi, vingine havitaki kitu kigumu tangu asubuhi. Fuata karatasi uliyopewa. Kinachobaki ni vinywaji unavyoweza kuona upande wa pili wa glasi: maji, chai ya rangi, supu iliyochujwa kwa kitambaa hadi isibaki nyuzi wala mafuta mengi, maji ya dafu yaliyochujwa, sharubati ya tufaha isiyo na nyama ya tunda. Maziwa hayamo, hata kijiko kimoja kwenye chai, na uji haumo hata uwe mwepesi namna gani. Epuka pia kinywaji chekundu au cha zambarau. Juisi ya rozela ni safi na inaonekana kama kinywaji halali, lakini ndani ya utumbo rangi yake inafanana na damu, na daktari anaweza kupoteza muda akitafuta kidonda kisichokuwepo.

Kulikuwa na kosa jingine mara ya kwanza ambalo hakuna aliyelishuku. Mwalimu alikuwa akitoka damu chooni kwa miezi kadhaa, damu yake mwilini ikapungua, akaandikiwa vidonge vya madini ya chuma. Akavimeza hadi usiku wa kuamkia kipimo. Vidonge hivyo hugeuza choo kuwa cheusi na chenye kunata kama lami, na kukiosha ni kazi kubwa. Husimamishwa wiki moja hivi kabla. Dawa za presha kwa kawaida huendelea, na mara nyingi aspirini ndogo ya moyo pia. Dawa nzito za kuzuia damu isigande, kama wafarini, ni jambo jingine kabisa: uamuzi wa kuziacha, na kwa siku ngapi, ni wa daktari aliyeziandika, kwa sababu kuziacha ovyo kunaweza kuleta kiharusi na kuendelea nazo kunaweza kuleta damu nyingi kama kinyama kitakatwa. Mwenye kisukari asiondoke kliniki bila kupangiwa dozi ya siku hizo mbili. Akichoma insulini yake ya kawaida huku anakunywa maji na chai tu, sukari itashuka. Ndiyo maana yeye huambiwa baadhi ya vinywaji vyake viwe na sukari.

Sasa dawa yenyewe. Inayotumika sana ni unga wa makrogoli uliochanganywa na chumvi, wa kukorogwa kwenye maji. Kazi yake ni rahisi kuielewa: chembe za makrogoli ni kubwa mno kupenya ukuta wa utumbo, nazo hushika maji. Unachokunywa ndicho kinachopita na kutoka, na kwa kuwa chumvi zake zimepimwa, mwili haupotezi wala kuongeza maji mengi. Hii ni dawa ya kusukumia utumbo kwa wingi wa maji, tofauti na zile za kufyonza maji kutoka mwilini. Kwa hiyo kipimo cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti si cha kukadiria. Pakiti ya lita 2 ikikorogwa kwenye lita 1 ili mtu "amalize haraka", haitafanya kazi ile tena. Usiongeze sukari wala asali. Sukari hubadili namna utumbo unavyonyonya maji na chumvi, na ile isiyonyonywa huliwa na vijidudu vinavyotoa gesi inayoweza kushika moto. Daktari hukata vinyama kwa waya wa umeme. Zamani, pale utumbo uliposafishwa kwa sukari iitwayo manitoli, ilitokea gesi kulipuka ndani ya tumbo la mgonjwa.

Zipo dawa za ujazo mdogo, na zinapendwa kwa kuwa huchukui saa nzima mbele ya jagi. Nyingine si za kila mtu. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali kuhusu dawa za fosfeti za kunywa, kwa sababu ziliharibu figo za baadhi ya waliozitumia. Mzee, mwenye figo dhaifu au moyo unaochoka aseme hivyo kabla ya kuandikiwa chochote, na asinunue dawa ya kuharisha dukani kwa ushauri wa jirani.

Mwalimu alianza nusu ya kwanza saa kumi na mbili jioni: glasi moja ya mililita 250 kila baada ya dakika 15, glasi nane, saa mbili. Tuliigandisha kidogo kwenye friji kwa sababu ikiwa ya baridi chumvi haisikiki sana, na kati ya glasi na glasi alinyonya kipande cha limau. Glasi ya tano ilimletea kichefuchefu. Sista wa kituo alikuwa ameshatueleza: ukihisi kutapika, pumzika nusu saa, halafu endelea polepole. Usiache. Saa moja na dakika kumi hivi akaitwa chooni, na tangu hapo hakukaa.

Hapa kuna mambo ambayo karatasi za hospitali huyaruka. Nyumba nyingi zetu choo kiko nje, au ni cha wapangaji wanne. Mzee anayekwenda chooni mara kumi usiku, tumbo tupu, anaweza kupata kizunguzungu na kuanguka. Tulimwekea taa njiani, kandambili zisizoteleza, ndoo mbili za maji, na kijana wa kulala sebuleni akisikiliza mlango. Majirani waliambiwa mapema kwamba choo kile usiku huo kina mwenyewe. Na mafuta ya mgando yapakwe sehemu zile kabla ya safari ya kwanza, si baada ya kuchubuka. Kisha kutawadha kwa maji, siyo kusugua kwa karatasi.

Saa kumi alfajiri akaanza nusu ya pili, akaimaliza saa kumi na mbili. Niliwahi kumuuliza sista mtu atajuaje kwamba yuko tayari, akajibu kwa lugha ninayoitamani kwa madaktari wengi: "Choo kikiwa kama chai ya rangi iliyozidi maji, njoo. Kikiwa kama uji wa ulezi, tupigie simu kwanza." Maji ya manjano unayoweza kuona chini yake ndiyo dalili. Yakiwa bado ya kahawia au yana vipande, mweleze nesi kabla hujalala kitandani, maana kituo kinaweza kukuongezea dawa au kukusogeza hadi mchana. Wengine hutaka wapigwe enema pale pale wayamalize. Enema huosha mwisho wa utumbo tu, upande wa kushoto. Kule kulia haifiki.

Chumbani walimwekea sindano mkononi, wakamwondoa meno ya bandia, wakambana kidole kwa kifaa cha kupimia oksijeni. Kina mama wa Pwani wanaopaka piko wajue kwamba weusi ule kwenye ncha za vidole, kama rangi nzito ya kucha, unaweza kukichanganya kifaa hicho. Bakizeni kidole kimoja. Mwalimu alidhani atapigwa nusukaputi kama mtu wa upasuaji, lakini alichopewa ni midazolamu ya kutuliza na fentanili ya maumivu, kidogo kidogo kupitia mshipa. Kwa dozi hiyo mtu husinzia lakini anapumua mwenyewe, na akiambiwa "geuka" hugeuka. Vituo vingine hutumia propofoli, inayolaza zaidi, na hiyo huhitaji mtaalamu anayekaa kichwani kwa mgonjwa akiangalia pumzi yake tu. Hatari ya dawa hizi ni pumzi kupungua. Kwa hiyo anayekoroma na kukatika pumzi usingizini, anayetumia vidonge vya usingizi au anayekunywa pombe kila siku aseme ukweli, hata kama mkewe amesimama pembeni. Wapo pia wanaofanyiwa bila dawa yoyote ya usingizi na wakavumilia. Tumbo hujaa upepo na kusokota kwenye kona, basi.

Midazolamu ina tabia ya kufuta kumbukumbu. Mwalimu aliamka akiongea vizuri, akamsikiliza daktari, akaitikia kwa kichwa, akauliza swali la maana sana. Baada ya dakika tano akaliuliza tena. Ndani ya gari akaliuliza mara ya tatu. Huyu ni mtu anayekumbuka maksi za wanafunzi wa mwaka 1989. Ndiyo sababu hospitali hukataa kumruhusu mgonjwa asiye na mtu wa kumpokea, na ndiyo sababu huambiwa asiendeshe gari wala kutia sahihi hati yoyote kwa saa 24. Nyuma ya bodaboda asipande. Majibu ayasikie ndugu aliyemsindikiza, na yaandikwe.

Safari hii maksi zilikuwa 3, 3, 2. Na kwenye upande uleule wa kulia uliokuwa umefichwa mara ya kwanza, kulikuwa na kinyama bapa cha milimita 12. Daktari alidunga maji yenye rangi ya buluu chini yake, kikainuka kama lengelenge, akakizungushia waya na kukikata. Kingine cha milimita 4 alikiondoa upande wa kushoto. Ile damu iliyompeleka hospitali ilitoka kwenye bawasiri, kama alivyokuwa akisema mwenyewe tangu mwanzo. Alikuwa sahihi kuhusu damu. Kinyama chenyewe hakikuwa kimempa dalili hata moja.

Majibu ya kolonoskopi huja mara mbili. Siku ileile unapata alichokiona daktari kwa macho. Baada ya wiki moja au mbili unapata jibu la maabara, vipande vikishatazamwa kwa hadubini. Neno "kinyama" peke yake halisemi mengi, kwa sababu vipo visivyo na madhara na vipo vinavyoitwa adenoma, ambavyo vingine, kwa kawaida kwa miaka kumi hivi, huweza kugeuka saratani. Vya Mwalimu vilikuwa adenoma, bila saratani. Kwa kuwa kimoja kilifika milimita 10 na zaidi, aliambiwa arudi baada ya miaka 3. Angekuwa na kimoja au viwili vidogo tu, miongozo ya Marekani ya mwaka 2020 ingemruhusu kukaa miaka 7 hadi 10.

Kwa wengine huonekana vifuko vidogo kwenye ukuta wa utumbo, ambavyo wengi wanavyo na haviwasumbui. Kwa wengine huonekana vidonda na wekundu, na hapo maabara ina kazi kubwa kwetu huku, maana kifua kikuu cha utumbo na ugonjwa wa Kroni huweza kufanana sana machoni, na matibabu ya mmoja ni sumu kwa mwingine. Anayeishi karibu na Ziwa Victoria anaweza kukutwa na makovu ya kichocho. Uvimbe unaoonekana kama saratani hukatwa vipande kadhaa vya kupima, siyo kuondolewa siku hiyo. Na jibu la "salama" lina mpaka wake: katika tafiti ambazo watu walipimwa mara mbili siku moja, karibu robo ya vinyama, hasa vidogo, vilipitwa mara ya kwanza. Damu ikirudi, nawe rudi, hata kama una karatasi safi.

Saa za kwanza baada ya kipimo tumbo hujaa upepo, na hakuna dawa ila kuuachia. Mwalimu aliona aibu mbele ya wagonjwa wengine mpaka sista akamwambia, "Baba, hapa ndiyo tunataka kusikia." Maumivu makali yasiyopungua upepo ukitoka, tumbo gumu, homa, au damu nyingi chooni ni mambo ya kurudi hospitali usiku huohuo. Utumbo kutoboka hutokea kwa nadra, chini au karibu ya mtu mmoja kati ya 1,000. Damu ya mahali palipokatwa huweza kuchelewa hadi wiki mbili, kwa hiyo mwenye kukatwa kinyama kikubwa asipange safari ya kijijini kusikofikika katika siku hizo.

Ukipangiwa kipimo hiki, muulize anayekupa pakiti swali moja kabla hujaondoka dirishani: nusu ya pili nianze saa ngapi? Akikujibu kwamba zote unywe jioni, na kipimo chako ni saa nne asubuhi au baadaye, usiondoke. Omba kuonana na nesi wa chumba cha kolonoskopi akuandikie saa zako.